UZI: Memo mpya ya usafi jikoni, naomba muipitie kabla sijaibandika Jumatatu

Shefu wa Kondele

Habari zenu watu wa jikoni. Niko na memo nataka kubandika kwa hoteli moja hapa Kisumu, mimi ndio naongoza jikoni tangu mwezi wa tatu, na ningependa macho mengine yaipitie kwa sababu memo za usafi watu wamezizoea, mtu anasoma NAWA MIKONO anapita tu kama hajaona kitu. Hii nataka mtu akimaliza kusoma ajue ni kwa nini.

Kilichonifanya niandike ni hii. Jumamosi tulikuwa na oda ya harusi, nyama ya ng'ombe kilo 40 hivi, ikapikwa kwa sufuria mbili zile kubwa za kupikia shule. Moja ikabaki karibu nusu. Mimi nilikuwa huko kwa harusi tukigawa chakula, huku nyuma sufuria ikafunikwa ikaachwa juu ya jiko limezimwa, hiyo ni saa mbili usiku. Asubuhi ikapashwa, Jumapili lanchi ikauzwa, na stafu pia wakala. Usiku wa manane simu zikaanza kulia.

Kila mtu akasema ni samaki. Mimi nikachukua daftari nikauliza mmoja mmoja, ulikula nini na saa ngapi. Waliokula mbuta peke yake hakuna hata mmoja aliyeshikwa. Waliokula mchuzi wa nyama, awe alikula na ugali, na wali au na chapati, wengi walishikwa, na walianza kati ya saa sita usiku na saa tisa, wakati lanchi ilikuwa saa saba saa nane mchana. Tumbo linakata, kuhara maji, kutapika karibu hakuna, homa hakuna, na kufika Jumatatu jioni walikuwa wamepoa. Sasa memo yenyewe ndio hii:

*KWA WATU WOTE WA JIKONI, SHIFTI ZOTE PAMOJA NA VIBARUA*

*Kuanzia Jumatatu chakula kilichobaki hakilali ndani ya sufuria kilimopikiwa. Kikitoka kwa moto na hakiliwi saa hiyo, kigawanywe kwa trei, kina kisizidi vidole vitatu. Mchuzi mwingi utiwe kwa sufuria ndogo ndogo, ziketi ndani ya sinki yenye maji baridi na barafu, na mtu akoroge kila baada ya dakika kumi. Tunataka chakula kitoke digrii 60 kifike 21 ndani ya masaa mawili, halafu kiingie friji na kifike 5 ndani ya masaa mengine manne. Masaa mawili yakiisha na bado kiko juu ya 21, kirudishwe motoni kichemke vizuri kianze upya, au kimwagwe. Usikiache tu.*

*Sababu ni hii. Kuchemsha kunaua bakteria lakini hakuui mbegu zao. Kuna bakteria wa nyama ambao mbegu zao zinavumilia hata masaa ya kuchemka, halafu nyama ikianza kupoa zinaamka. Kwa joto la mwili wa mtu kwenda juu kidogo wanaongezeka mara mbili kila dakika kumi hivi. Na hawapendi hewa, na ndani ya sufuria kubwa iliyochemka na kufunikwa hewa imeshatoka. Ukigusa sufuria nje saa nne usiku unaona imepoa, lakini katikati bado ni vuguvugu, na itakuwa vuguvugu mpaka karibu asubuhi. Hapo ndio shamba lao.*

*Chakula cha jana kinapashwa mara moja tu, mpaka katikati kifike digrii 75, huku ukikoroga. Kuona mapovu pembeni si kuiva. Usipashie kwa zile trei za kaunta, hizo kazi yake ni kushikilia joto la chakula ambacho tayari ni moto, na hapo kaunta kisishuke chini ya 60.*

*Wali uliokaa nje usiku kucha unamwagwa. Hata kama haujachacha, hata kama unanukia vizuri, hata kama mtu amesema ataukaanga na yai.*

*Mwenye anahara au kutapika hagusi chakula wala vyombo, na harudi jikoni mpaka amalize masaa 48 tangu ile mara ya mwisho. Aniambie mimi moja kwa moja, kwa simu, sio kwa grupu.*

Ndio hiyo. Semeni.

NyarDunga

Shefu pole kwa hayo. Mimi nimeuza chakula miaka mingi hapa karibu na biichi, mchuzi wangu wa jioni asubuhi nauchemsha mpaka unaruka, dakika ishirini nzima, na sijawahi kusikia mteja ameumwa. Naona umetia watu wasiwasi bure na hizi digrii. Si useme tu ichemke vizuri basi? Na wali ni hivyo hivyo, ukikaanga kwa moto mkali kila kitu kinakufa.

Mzee wa Afya Busia

Mama hapo kwa mchuzi uko karibu sana na ukweli, kwa wali umepotea kabisa, na tofauti yake ndio kitu shefu lazima akiweke wazi kwa memo.

Nimefanya kazi ya afya ya umma miaka yangu yote mpaka nikastaafu. Huyo bakteria wa nyama, tunamwita klostridiamu lakini jina usiliweke ukutani, sumu yake anaitoa akiwa tayari tumboni mwako. Lazima umeze wazima na wengi sana. Kwa hivyo mchuzi ukipashwa mpaka katikati ukachemka kweli kweli, wale walioamka usiku wanakufa na mtu hapati shida. Mama Dunga anachemsha dakika ishirini na sufuria yake nadhani si kubwa, ndio maana amepona. Ya kwenu Jumapili naweza kuweka pesa kwamba ilipashwa haraka haraka pembeni ikatoa povu, katikati nyama ikabaki vuguvugu kama maji ya kuoga mtoto.

Wali ni mambo mengine. Huko kuna basilasi, na yeye pia mbegu zake zinavumilia kuchemka, lakini sumu yake ya kutapisha anaitoa ndani ya wali wenyewe ukiwa umekaa nje. Na hiyo sumu moto hauiwezi. Ukaange, uchemshe, utie kwa presha kuka, bakteria atakufa na sumu itabaki pale pale. Ndio maana wali wa jana ulioachwa nje hakuna namna ya kuurekebisha, umeshaharibika hata kama ladha ni tamu.

Na saa zinakuambia. Mtu akila wali wa kukaanga saa saba na saa tisa tayari anatapika, fikiria sumu ilikuwa tayari kwa chakula. Akila mchuzi saa saba na tumbo likaamka usiku wa manane bila kutapika, fikiria hao wa nyama. Shefu ulifanya vizuri sana kuuliza saa, watu wengi huuliza tu "ulikula nini".

Ila usiseme kwa memo kwamba imethibitishwa. Bila sampuli kwa maabara hiyo ni shuku, hata kama ni shuku nzuri. Ongeza sheria moja: kila oda ya nje, chukua kopo safi, weka chakula kama gramu mia ya kila aina kabla hakijaanza kugawiwa, andika tarehe na saa, kiketi kwa friji siku tatu. Siku kukitokea shida una kitu cha kumpa afisa badala ya kubishana na samaki.

Brayo Nakuru

Shefu hizi themomita za kuchoma ndani ya nyama mnanunua wapi jameni, mimi niko Nakuru nilinunua moja ya madukani, nikaijaribu kwa maji yanayochemka ikasoma 94. Nikairudisha, nikapewa ingine, 94. Sasa naogopa memo kama hii, tutapima na vitu feki?

Mzee wa Afya Busia

Brayo, themomita yako ilikuwa nzima. Nakuru iko juu sana, kama mita 1,850, na mahali pa juu maji yanachemka kabla hayajafika 100. Hapo kwenu ni 94 hivi. Kisumu ambayo ni mita 1,131 ni kama 96. Mia kamili utaipata Mombasa. Ya kuaminika zaidi ni barafu: ponda barafu ijae glasi, ongeza maji kidogo, koroga, choma themomita katikati bila kugusa glasi, ngoja nusu dakika. Ikisoma 0 au 1 iko sawa.

Brayo Nakuru

Aii na nilirudisha mbili. Asante mzee.

Mama Tito Kakamega

Mimi niko na kibanda, sina friji wala hiyo barafu ya sinki. Napika maharagwe gorogoro mbili kila siku na ikibaki nawasha makaa asubuhi naendelea. Sasa mimi memo hii inanisaidia nini ama ni ya watu wa mahoteli makubwa?

Shefu wa Kondele

Mama Tito nimefikiria watu kama nyinyi. Bila friji njia ni kuhakikisha haibaki. Maharagwe makavu hayana shida, shida inaanza yakishaiva. Kwa hivyo gawa upishi mara mbili: gorogoro moja ya lanchi, ingine ianze motoni ukiona ya kwanza inaelekea kuisha. Ile inayongoja wateja ikae juu ya makaa kidogo, iwe moto wa kuchoma ulimi wakati wote, hapo haimei kitu. Ikifika jioni na imebaki, peleka nyumbani iliwe usiku huo huo ikiwa bado moto. Kitu kibaya zaidi ni ile kuzima makaa saa kumi, kufunika, halafu kuwasha saa kumi na mbili asubuhi.

Mama Tito Kakamega

Makaa ni bei lakini. Kuiweka moto mchana kutwa ni kama kopo lingine zima. Nitajaribu hiyo ya kupika mara mbili.

Otis wa Keteringi

Niulize, na glavu? Kwa memo yote sijaona glavu, kofia wala kucha. Afisa akija kwetu kitu cha kwanza anaangalia ni cheti cha afya cha miezi 6 na kama mmevaa kofia.

Shefu wa Kondele

Hayo yako kwa ile memo ya zamani na yanaendelea, vyeti viko kwa faili. Hii ni ya chakula kilichobaki na mtu mgonjwa. Nikichanganya yote mtu atasoma ya kofia aone amemaliza.

Kibarua wa Nyalenda

Mimi nitaongea ya hiyo sheria ya mwisho kwa sababu naona wakubwa mmeiruka. Mimi ni kibarua wa jikoni, silipwi kwa mwezi, nalipwa jioni ikifika. Ukiniambia nikihara nikae nyumbani masaa 48 umeniambia nikose pesa ya siku mbili, na ile siku ya ugonjwa wenyewe ni ya tatu. Unadhani nitakupigia simu? Nitameza dawa ya kufunga tumbo nije nikate kachumbari. Na sio mimi peke yangu, wote tunafanya hivyo na wakubwa wanajua, wananyamaza kwa sababu siku ya harusi mikono haitoshi. Sasa hii memo itabandikwa, mtu akishikwa ataambiwa si ilikuwa imeandikwa.

NyarDunga

Huyu kijana ameongea.

Otis wa Keteringi

Lakini omera na mteja je? Siwezi kulipa mtu aketi nyumbani na faida yangu ni kidogo hivi. Kila mtu atakuwa anahara Jumatatu.

Mzee wa Afya Busia

Otis, hesabu upande wa pili pia. Kachumbari haipikwi. Hakuna moto wa kumsaidia mteja hapo, kile kilicho kwa mkono ndicho kinaenda kwa sahani. Mtu mmoja anayehara akikata nyanya za watu mia, ukipata simu za usiku huo utatamani ungelipa siku mbili. Na hii dawa ya kufunga tumbo inamfanya ajisikie mzima wakati bado anatoa vijidudu, ndio maana tunahesabu masaa 48 baada ya dalili kuisha. Na hayo 48 ni ya tumbo la kawaida. Mtu akiambiwa hospitali ni taifodi au kipindupindu harudi kwa hesabu ya masaa, anarudi akiwa amepimwa na kuruhusiwa.

Pesa ni ya nani, hiyo siwezi kuwaamulia. Nimeona mahali pengine mtu anapewa kazi ambayo haigusi chakula, lakini tuseme ukweli, mtu anakimbia choo kila dakika ishirini, utampa kazi gani?

Mkisii Mpishi

Mimi swali langu ni ya barafu. Shefu unasema sinki ijae barafu, hapo Kisumu barafu rahisi ni ile ya wavuvi. Hiyo imelala na samaki, si utaleta uchafu jikoni?

Shefu wa Kondele

Swali nzuri sana hii. Ya wavuvi siitaki ndani ya jiko. Tulichofanya wiki hii ni kuchukua chupa za soda za lita mbili, zikaoshwa vizuri nje na ndani, zikajazwa maji sio mpaka juu kabisa, zikalala kwa dipu friza. Jioni chupa nane zinaingia kwa maji ya sinki. Chupa haiingii ndani ya mchuzi, inakaa kwa maji ya nje tu, halafu inaoshwa inarudi friza.

Jana tulijaribu na nyama iliyobaki, lita 20 hivi. Tuliigawa mara mbili kwa makusudi. Lita 10 tukaacha kwa sufuria moja imefunikwa juu ya meza, kama walivyozoea. Zile zingine zikagawanywa kwa sufuria tatu ndogo ndani ya sinki. Tukaanza saa mbili usiku zote ziko 60. Za sinki zilifika 21 kabla saa nne, huyo kijana wa kukoroga akilalamika mkono. Ile ya mezani saa nne ilikuwa inasoma 47 katikati, na nje ukiigusa unaona kama imepoa! Nikaita kila mtu achome themomita mwenyewe asome. Hapo ndio nimeona memo imeingia kuliko maneno yote niliyoandika, kwa sababu 47 nilikuwa nimewaambia ndio joto wanapenda. Ile ya mezani tukairudisha motoni ikachemka, ikaingia sinki nayo.

Mkisii Mpishi

Lita 10 tu na ni 47? Sasa ile ya harusi nusu sufuria ya shule si ilikuwa bado moto karibu mpaka saa sita.

Shefu wa Kondele

Ndio hiyo. Ukiongeza kina cha chakula mara mbili, muda wa kupoa hauongezeki mara mbili, unaenda karibu mara nne kama ni kitu kizito cha kutokoroga. Ndio nikang'ang'ana na vidole vitatu.

Brayo Nakuru

Na kwa nini usiweke tu sufuria nzima kwa friji ikiwa moto?

Mzee wa Afya Busia

Friji ya kawaida haina nguvu hiyo. Sufuria ya lita 20 ya moto ukiingiza, maziwa na kuku wabichi waliokuwa 4 wanapanda mpaka 10 au zaidi, na hiyo sufuria yenyewe katikati bado itakaa vuguvugu masaa mengi. Umeharibu mbili kwa mpigo. Kikishafika 21 kwa trei kiingie, kifunikwe, kisipangwe juu ya kingine mpaka kipoe kabisa. Na stima ikipotea usifungue fungue, friji iliyofungwa inavumilia masaa manne hivi.

NyarDunga

Mzee mimi wali nimekubali, nitaacha. Ila mchuzi wangu nitaendelea kuchemsha, si umesema ni sawa?

Mzee wa Afya Busia

Nimesema umepona, mama. Sijasema ni sawa. Siku gesi itaisha dakika ya tano wateja wako wamesimama, utagawa hivyo hivyo. Ukipoza vizuri usiku, hata asubuhi ikienda vibaya uko na nafasi. Na usichukue mabaki ya sufuria ya jana ukayachanganya na nyama mpya, hiyo nayo ni kawaida ya hapa na ni mbaya.

NyarDunga

Hiyo ya kuchanganya naifanya, mchuzi unakuwa mzito. Wacha nifikirie.

Shefu wa Kondele

Nimerekebisha hivi. Nimeongeza kopo la sampuli. Kwa wali nimeandika wazi kwamba sumu haiondoki kwa moto, sio tu "unamwagwa". Kuchanganya ya jana na ya leo nimekataza. Jina la bakteria sijaweka. Na nimetoa ile "kwa simu sio kwa grupu", nimeweka namba yangu.

Ya malipo nimeongea na mwenye hoteli leo. Amekubali kibarua akisema mapema kabla ya shifti alipwe nusu ya siku kwa siku zote mbili, lakini anataka karatasi ya kliniki. Mimi nimemwambia karatasi yenyewe ni pesa kuliko hiyo nusu. Hajajibu.

Kibarua wa Nyalenda

Nusu ni afadhali kuliko bure. Lakini iwe imeandikwa kwa hiyo hiyo memo na saini yake iko chini, ikiwa ni ya mdomo hakuna mtu atakupigia simu. Na hiyo karatasi atoe, mtu wa kuhara hawezi kupanga laini kliniki tangu asubuhi ndio alipwe nusu.

Shefu wa Kondele

Narudi kwake kesho jioni. Memo ya chakula inabandikwa Jumatatu vile iko, aya ya wagonjwa pia, na chini yake nimeacha nafasi ya mistari mitatu ya malipo na saini. Akikubali najaza, akikataa nitawaambia hapa.